Noti Zenye Matundu ya Pini

Jumamosi ile basi la kutoka ng'ambo ya mto, Thailand, lilivuka daraja saa nne na nusu asubuhi, likashusha watu thelathini na kitu mbele ya madirisha ya viza. Mimi nilikuwa kwenye meza yangu chini ya paa la bati, na kamera yangu, mashine yangu ndogo ya kutolea picha, gundi, mkasi na kalamu sita nilizozifunga kwa kamba kwa sababu wageni huondoka nazo. Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Asiye na picha ya pasipoti nampiga. Asiyeelewa fomu namwonyesha mahali pa jina, mahali pa namba ya pasipoti na mahali pa kuandika atalala wapi akiwa Laos. Sikusoma sana, lakini fomu ile naijua kichwani.

Mwanamke yule alikuja kwangu moja kwa moja. Nilimwona ni mtu wetu kwa namna alivyoinama kidogo alipopita mbele yangu, ingawa alivaa suruali na viatu vya kukimbilia. Alikuwa na miaka hamsini hivi. Kwenye vifundo vya mikono yote miwili alikuwa amefungwa nyuzi nyeupe za pamba, nyingi, mpya bado.

"Bibi, shikamoo. Wanasema lazima niwe na picha."

"Moja tu, mwanangu. Keti hapo. Jina nani?"

"Manivone."

Alizungumza Kilao cha zamani, kile cha watoto walioondoka na wazazi wao kwa mitumbwi mwaka ule wa sabini na tano, utawala ulipopinduliwa, kikaganda huko Marekani kama kilivyokuwa. Nilifurahi kukisikia. Nikampiga picha, nikaikata. Alipokuwa anajaza fomu, alikwama pale penye sababu ya safari.

"Andika matembezi," nikamwambia. "Wote huandika matembezi."

"Nakuja kumzika mama."

Kalamu aliishikilia hewani. Akanieleza. Mama yake alirudi nchini miaka minane iliyopita, akae kijijini kwake na afie huko, na kweli amefia huko, Jumatano. Watawa wa hekalu wamepanga achomwe, ndivyo tuzikavyo sisi, leo saa nane mchana. Kesho ni siku takatifu, hawachomi mtu. Kaka yake amemwambia kwa simu kwamba watamngoja hadi saa nane, si zaidi, kwa sababu mwili umekaa na joto ni kali.

"Nataka kumwosha uso kwa maji ya nazi," alisema. "Basi. Sitaki kingine. Mara ya mwisho kumwona nilimsindikiza uwanja wa ndege, alipokuwa anarudi huku, na mimi nilikuwa na haraka."

Kijiji chake nakijua. Kutoka kwetu ni saa moja na nusu kwa gari. Nilitazama saa ukutani. Saa tano kasoro dakika kumi. Nikaona muda upo.

"Una dola?" nikamuuliza. "Pasipoti ya Marekani ni thelathini na tano. Leo Jumamosi, ongeza moja. Ziwe thelathini na sita kamili, chenji hawatoi."

"Ninazo."

Akaenda kwenye foleni. Mbele yake walikuwa watu kumi na wawili. Dirisha la kwanza unatoa pasipoti, fomu, picha na pesa. Dirisha la pili unangoja uitwe, upewe pasipoti yako ikiwa na viza imebandikwa ukurasa mzima. Halafu ndiyo unakwenda kugongewa muhuri wa kuingia. Foleni ilitambaa. Mzungu mmoja alikuwa amekuja na pasipoti iliyobakiza miezi minne, nao wanataka sita, wakabishana naye weee, mpaka wakamweka pembeni.

Saa tano na dakika ishirini Manivone akafika dirishani. Aliyekuwa zamu ni Afande Phoumy. Nilikuwa naona kila kitu kutoka mezani kwangu. Alizitazama noti, asiziguse. Akachukua kalamu, akazisukuma kwa ncha ya kalamu zikapita chini ya kioo kurudi nje, kama mtu anayeondoa mende aliyekufa.

"Hizi hazifai."

"Kwa nini, afande? Ni dola halali."

"Zina matundu. Na hii ina mafuta. Benki watanirudishia mimi, nilipe mfukoni mwangu. Wa nyuma aje."

Manivone alirudi kwangu akiwa amezishika kwa viganja viwili. Akaziweka juu ya meza, nami nikaelewa mara moja. Kila noti ilikuwa na mikunjo myembamba kama utambi, na pembeni matundu ya pini. Ishirini mbili, kumi moja, tano moja, na moja moja tano. Ishirini mojawapo ilikuwa na doa la mafuta ya kuku.

Wenzetu hamjui, basi niseme. Mtu wetu akisafiri, jamaa hukaa naye chini, wakamfunga nyuzi mikononi ili roho zake zote zisitawanyike njiani. Katikati pana mayai na kuku wa kuchemsha na wali wa kunata. Anayekufunga uzi anaweza kukunja noti akaifungia humo humo kwenye uzi, na wengine wanakubandika kwa pini kifuani. Ni pesa ya baraka. Shangazi zake huko Marekani walimfanyia hivyo Alhamisi usiku, wakamwambia: pesa hii ndiyo ulipie mlangoni kwa mama yako, njia ikufungukie. Naye akatii. Akaacha nyumbani noti safi za benki, akabeba zile.

"Huna nyingine?"

"Nina baht za Thailand mia tatu na arobaini. Na kadi."

"Mashine ya kadi iko ng'ambo ya muhuri. Hapa huifikii."

"Basi nirudi Thailand nikatoe pesa."

"Umeshagongewa muhuri wa kutoka, mwanangu. Urudi, ungoje basi, uanze kuomba ufutwe. Saa nane itakukuta bado uko kule."

Nilikuwa na kip zetu za kutosha kwenye droo, lakini dirisha lile halipokei kip. Wanataka dola, au baht elfu moja na mia tano. Nchi yetu, dirisha letu, mlinzi wetu, na pesa yetu ndiyo isiyotakiwa. Nililizoea jambo hilo miaka yote. Siku ile lilinikera.

Nikafanya nilichokuwa nafanya siku zote. Nikamwonyesha Thongsy.

Thongsy hukaa kwenye kiti cha plastiki karibu na nguzo ya tatu, na mfuko wa ngozi mapajani. Kazi yake ni kubadilisha pesa za watu waliokataliwa. Hana kibali chochote, lakini hakuna anayemwondoa, na jioni huonekana akinywa bia na watu wa madirishani. Manivone akasimama mbele yake, mimi nikiwa nyuma yake. Thongsy alinyonya kidole gumba akahesabu zile noti, akainua ile yenye doa akainusa.

"Kuku," akasema. "Shangazi zako wapishi wazuri."

"Nataka thelathini na sita safi, kaka."

"Hapa una sitini za takataka. Nikuchukulie hizi zote na hizo baht zako, nikupe thelathini na sita."

"Zote?"

"Dada, mimi sikukuita. Jua linapanda."

Akakubali. Manivone alikata nyuzi kidogo zilizokuwa bado zimeng'ang'ania noti mbili, akazikunja nyuzi akazitia mfukoni, noti na baht akampa. Yule bwana akatema mate pembeni ya kiti, akachomoa ishirini, kumi, tano na moja. Manivone alipogeuka kurudi foleni, Thongsy alinipenyezea baht ishirini kiganjani, bila kunitazama. Ndivyo tulivyofanya. Kila ninayempeleka, ishirini. Nilizitia mfukoni mwa aproni. Mkono ulijua njia wenyewe.

Foleni sasa ilikuwa na watu tisa. Basi jingine lilikuwa limekuja. Saa tano na dakika hamsini akafika tena dirishani. Na tena nikaiona ile ncha ya kalamu.

Ishirini ya Thongsy ilikuwa na mchaniko uliogundishwa kwa gundi nyembamba sana, upande wa juu. Ukiipitishia kidole hausikii. Ukiiinua kwenye mwanga unaona.

Manivone akaenda kwake mbio. Nami nikamfuata.

"Kaka, umenipa mbovu."

"Noti ikishatoka mkononi kwangu si yangu."

"Haijapita hata nusu saa."

"Nitajuaje kama si wewe uliyeichana? Watu wa Marekani wajanja sana."

"Thongsy," nikasema, "mpe ishirini nzuri. Mama yake anachomwa saa nane."

Akanitazama mimi sasa, akatabasamu, na meno yake yana weusi wa tambuu.

"Bibi Onkeo, usinitolee macho ya hekaluni. Umemleta wewe. Ishirini yako si umeshaitia mfukoni? Au niseme nimemsingizia bibi wa watu?"

Manivone akanigeukia. Alinitazama vile mtu anavyotazama sahani aliyokwisha kulia nusu ndipo akaona kitu ndani yake. Nimezaa watoto watano, nimezika wawili, nimekimbia mabomu nikiwa msichana, na sikumbuki nimewahi kujichukia kama dakika ile. Nilisikia jasho la shingoni, na ile noti ya baht ishirini kwenye aproni niliisikia kama kupe.

"Ni kweli," nikamwambia. "Nimepokea. Nipe hiyo mbovu, usimame kwenye foleni. Usiondoke kwenye foleni."

Nikaenda mezani, nikamwaga kopo langu la pesa. Mauzo ya asubuhi yote yalikuwa baht mia sita na themanini, pamoja na ile ishirini ya Thongsy. Nikaanza kupita kwa wageni waliokuwa wamepanga mstari. Kiingereza changu ni maneno kumi. Nilionyesha noti mbovu, nikaonyesha baht, nikamwonyesha Manivone, nikaweka viganja pamoja na kulaza kichwa kama aliyekufa. Kijana mmoja mwenye mkoba mgongoni akageuza uso. Alidhani naomba. Wasichana wawili wakacheka kwa aibu. Sikuwalaumu, wametahadharishwa juu ya watu kama mimi, na mimi ndiye mtu huyo.

Mzee mrefu mwenye masikio mekundu, aliyekuwa na mkewe, alielewa. Wadenmaki hao, niliona pasipoti zao. Alifungua pochi akachomoa ishirini mpya kabisa, ngumu kama jani la mgomba. Nikampa baht zote. Akazihesabu, akatoa mia sita, themanini akanirudishia mkononi na kunifungia vidole. Halafu mkewe, kwa kuwa walibakiwa na mtu mmoja tu mbele yao, akamshika Manivone bega akamwingiza mbele yao, na yule mtu wa mbele naye akasogea bila kuambiwa. Nyuma mtu akaguna. Mama yule wa Denmark aligeuka akamtazama, mguno ukaisha.

Saa sita kasoro dakika tatu. Manivone akapitisha pasipoti, fomu, picha, ishirini, kumi, tano, moja. Afande Phoumy aliinua kila noti kwenye taa. Nilikuwa nimesimama kando ya kioo, na ndipo nikaona mkono wake vizuri. Kifundoni alikuwa na nyuzi nyeupe za pamba. Saba au nane, zimeanza kuwa za kijivu. Kuna watu walikuwa wamekaa naye chini, wakamwombea roho zake zisitawanyike. Huenda walimfungia na noti pia.

Akaziweka pesa kwenye sanduku.

"Sawa," akasema. "Ngoja dirisha la pili."

Na papo hapo msichana wa mgahawa akaingia kwa mlango wa nyuma na sinia. Wali wa kunata kwenye kikapu chake, papai bichi lililotwangwa na pilipili, na bakuli la samaki wa kuvunda. Afande akavuta kibao cha kufungia dirisha.

"Afande, mwanangu," nikasema, "ibandike hiyo moja. Stika tu. Mama yake anachomwa saa nane, na kijiji ni mbali."

"Saa sita ni chakula, bibi. Unajua."

"Najua. Nakuomba."

"Maiti hakimbii," akasema, na mwenzake wa dirisha la pili akacheka.

Akafunga, lakini kile kibao hakifiki chini, kimeacha nafasi ya kiganja. Tukawa tunaona meza yake yote. Rundo la pasipoti lilikuwa hapo hapo. Aliweka bakuli la samaki juu yake, kwa kuwa mahali pengine hapakuwepo. Pasipoti ya Manivone ndiyo iliyokuwa ya juu. Akamega wali, akauviringa, akauchovya, akala, akalamba vidole, akajibu simu, akamega tena. Tone moja la mchuzi liliteremka ubavuni mwa bakuli likasimama juu ya ile tai ya dhahabu ya jalada. Akalifuta kwa kidole gumba, na kidole akakinyonya.

Nimekula samaki huyo maisha yangu yote, na sisi kwetu mtoto haachi ziwa kabla hajamwonja. Siku ile harufu ilinipanda puani, nikageuza uso.

Manivone hakuwa analia. Alisimama amejishika kifundo cha mkono penye nyuzi, macho kwenye bakuli.

"Nimeondoka nchi hii kwenye mtumbwi nikiwa na miaka tisa," aliniambia polepole. "Tulilipa dhahabu. Mama alimpa askari pete yake na hereni. Alituambia siku moja tutarudi bila kumlipa mtu."

Nilimletea maji na kiti changu. Alikunywa maji. Kiti alikikataa, na alikuwa na haki.

Nilimpigia simu mpwa wangu mwenye gari aje angoje nje, ng'ambo ya muhuri. Nilimpigia na kaka yake Manivone, kwa simu yangu, akazungumza naye. Nilimsikia akisema, "Kaka, wapo tu wanakula. Ndiyo. Wanakula." Kisha akasema, "Waombe watawa wasome kidogo zaidi."

Dirisha lilifunguliwa saa saba na dakika kumi. Dirisha la pili waliita majina polepole, kwa matamshi ya kuchekesha, wakianza na kundi la watalii lililokuja na mwongozo wao. Pasipoti ya Manivone ilitoka saa saba na dakika ishirini na tano. Ilikuwa na duara la unyevu kwenye jalada. Alikimbia kwenye muhuri, na huko yule askari kijana, nafikiri ni wa mwezi wa kwanza kazini, alimgongea bila hata kukaa sawa, akamwambia, "Nenda, mama, nenda." Nilimwona akiingia kwenye gari la mpwa wangu.

Mpwa wangu anakimbiza gari, Mungu amsamehe. Walifika saa tisa kasoro dakika kumi.

Yaliyotokea huko niliyajua kwa sababu Manivone alirudi siku tano baadaye, akitoka nchini. Wanaotoka hawapiti kwenye meza yangu, inabidi wazunguke jengo zima. Alizunguka. Aliketi, safari hii aliketi, kwenye kiti changu, na nilikuwa na wali wa kunata na nyama kavu nikafungua jani tukala pamoja.

"Watawa walisoma mara mbili," alisema. "Mara ya tatu yule mkubwa akamwambia kaka kwamba watu wanaanguka kwa jua. Nilipofika moshi ulikuwa umeshanyooka."

"Na maji ya nazi?"

"Kaka alimwosha yeye. Akaacha kidogo kwenye kifuu, akasema ni yangu. Nilimwaga pale chini penye majivu."

Tulikula. Aliniuliza habari za wajukuu wangu, na akaomba kuona picha zao. Hakutaja aproni wala baht ishirini. Mimi ndiye niliyetaja. Nilimwambia tangu Jumamosi ile simpeleki mtu kwa Thongsy, na kwamba asubuhi kabla ya foleni nawaambia watu wote wakiwa bado mezani kwangu: toeni noti zenu, nizione kwenye mwanga. Yenye tundu, yenye wino, yenye gundi, wabadilishane wenyewe kwa wenyewe kabla hawajafika dirishani.

"Wanasikia?"

"Wengine."

"Na yeye hakusumbui?"

"Amesema meza yangu itahamishwa mwezi ujao. Ipelekwe kule penye choo."

Manivone alitazama kule penye choo. Mlango wake hauna kitasa na maji hutoka chini ya mlango mchana kutwa. Kisha akatazama nguzo ya tatu. Thongsy alikuwa hapo, kidole gumba mdomoni, anahesabu, na mbele yake mzee mmoja wa Kikorea ameshika kofia yake kama mtu aliye mbele ya hakimu.

Akanawa vidole kwa maji yangu, akainuka, akavuka uwanja akaenda kumshika yule mzee mkono. Sikusikia walilosema. Nilimwona mzee akirudisha noti zake mfukoni, nikamwona Thongsy akifungua mdomo, na Manivone akimgeuzia mgongo. Alimleta yule mzee mpaka kwangu.

"Bibi, mtazamie hizi," akasema. "Basi langu linaondoka."

Nikaziinua kwenye mwanga, moja moja.